Uwiano wa odi 3.0 umenirudishia tasnifu: "Mara tatu ya ngapi?"

Binti_Makunduchi

Wakuu, habari za jioni. Mimi ni muuguzi, namalizia uzamili wa afya ya jamii. Data yangu ni ya akina mama waliojifungua ndani ya mwaka mmoja, na swali ni kama walijifungulia kituo cha afya au nyumbani. Nimeendesha rigresheni ya lojistiki kwenye Stata. Kwa mama aliyefika sekondari uwiano wa odi umetoka 3.0. Hapo nimezungusha namba, tasnifu haijapita bado.

Nikaandika hivi: "Mama aliyefika sekondari ana uwezekano mara tatu zaidi wa kujifungulia kituoni." Msimamizi kapiga mstari mwekundu, pembeni kaandika "Mara tatu ya ngapi?" na chini yake "Leta athari za pembezoni."

Nikarudi kwenye jedwali langu. Hata wale wasiofika sekondari, wanane kati ya kumi wanajifungulia kituoni. Mara tatu ya asilimia 80 ni 240. Ndipo nikaona kweli nimeandika kitu cha ajabu, ila sijui kosa liko wapi, maana makala nyingi nilizosoma zinaandika hivyohivyo. Msaada tafadhali, Jumatatu natakiwa ofisini kwake.

Fundi_Kubaindi

Dada hiyo nyepesi. Pembezoni ya kushoto weka inchi moja na nusu kwa ajili ya kubaindi, pande nyingine inchi moja moja. Wengine wanapima kwa rula kabisa. Ukikwama niletee nakala laini nikupangie.

Binti_Makunduchi

Asante kaka, lakini hizi ni pembezoni za takwimu 😅 Za karatasi nimeshapanga.

Mkeka_Wa_Leo

Odi si ndiyo mambo yetu haya. Odi 3.0 maana yake ukiweka elfu moja, ikitiki unachukua elfu tatu. Kwa hiyo kampuni inaona nafasi ni moja kati ya tatu, kama asilimia 33. Basi mama wa sekondari ana asilimia 33. Mchezo umeisha.

Kipimajoto

@Mkeka_Wa_Leo umekaribia kuliko unavyodhani, ila kuna mitego miwili. Namba ya kwenye mkeka inajumlisha na pesa yako uliyoweka, na inahesabiwa kutokea upande wa kukosa. Odi ya kitakwimu ni waliopata kwa waliokosa, basi. Halafu yeye hana odi 3.0, ana *uwiano* wa odi 3.0, yaani odi ya kundi moja imegawanywa kwa odi ya kundi jingine. Namba hiyo peke yake haikwambii nafasi ya mtu yeyote.

Dada, fanya hesabu hii kwa kalamu kabla hujagusa Stata. Wasiofika sekondari, 80 wamejifungulia kituoni na 20 nyumbani. Odi yao ni 80 kwa 20, yaani 4. Zidisha kwa 3, unapata 12. Odi ya 12 maana yake akina mama kumi na wawili kituoni kwa kila mmoja aliyebaki nyumbani. Jumla yao ni kumi na watatu, kwa hiyo uwezekano ni 12/13, karibu asilimia 92. Kilichozidishwa mara tatu ni odi. Uwezekano umetoka 80 kwenda 92: pointi 12 za asilimia. Ukipenda kwa mara, ni mara 1.15.

Sasa chukua kijiji ambako nusu ndio wanaokwenda kituoni. Odi ni 1, mara tatu ni 3, uwezekano 3/4. Kutoka 50 hadi 75, pointi 25. Chukua tena mahali ambako ni asilimia 5 tu. Odi ni 5 kwa 95, ukizidisha kwa tatu inakuwa 15 kwa 95, ambayo ni kama asilimia 13.6. Pointi 9 hivi.

Uwiano ni uleule 3.0 kote, lakini mabadiliko ni 12, 25 na 9. Ndiyo maana kakuuliza "ya ngapi". Bila kujua pa kuanzia, 3.0 haina jibu la swali hilo.

Dokta_Mtarajiwa

Mkuu Kipimajoto unamtisha bure. Shuleni tulifundishwa kwamba uwiano wa odi ni makadirio mazuri ya "mara ngapi". Hata mfano wako wa mwisho, 13.6 kwa 5 ni mara 2.7, karibu na tatu. Aandike alivyoandika, aongeze neno "takribani".

Kipimajoto

Uko sahihi kwa tukio nadra, na mfano wangu wa asilimia 5 unakubeba. Lakini tukio lake si nadra, ni asilimia 80 na kuendelea. Na unadra unaohesabika ni wa tokeo katika *kila* kundi unalolinganisha, siyo unadra wa waliofika sekondari. Wengi wanateleza hapo. Halafu hata pale "mara" zinapokaribiana, bado hujajibu swali la pointi. Mara tatu ya wawili kwa elfu ni sita kwa elfu. Mganga mkuu wa wilaya anayepanga vitanda anataka kujua ni akina mama wangapi zaidi watakaofika.

Sista_Mstaafu

Wanangu, jambo hili liliwahi kuumbua watu wakubwa. Mwaka 1999 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti wa Marekani. Madaktari 720 walionyeshwa video za waigizaji wakijifanya wagonjwa wenye maumivu ya kifua, halafu wakaulizwa nani apelekwe kwa kipimo cha kupitisha mrija hadi kwenye moyo. Uwiano wa odi kwa weusi dhidi ya weupe ulikuwa 0.6, na kwa wanawake dhidi ya wanaume 0.6 vilevile. Magazeti na televisheni wakatangaza kwamba weusi na wanawake wana uwezekano pungufu kwa asilimia 40.

Mwaka huohuo, katika jarida lilelile, watafiti wengine wakaeleza kosa lilipo. Viwango vyenyewe vilikuwa asilimia 84.7 kwa 90.6. Kwa mara ni 0.93, yaani pungufu kwa asilimia 7. Wahariri nao wakakiri kwamba wasingepaswa kuacha uwiano wa odi utumike vile.

Na kulikuwa na la pili. Wanaume weupe, wanaume weusi na wanawake weupe wote walipendekezwa asilimia 90.6. Walioachwa nyuma ni wanawake weusi peke yao, waliopendekezwa asilimia 78.8. Ukisema "weusi" na ukasema "wanawake" unawagawia wote jambo lililowapata kundi moja. Ubaguzi ulikuwepo, msinielewe vibaya, ila haukuwa mahali wala ukubwa uliotangazwa.

Dokta_Mtarajiwa

Sista hapo nimekaa kimya. Gawa 0.906 kwa 0.094, halafu 0.847 kwa 0.153, ukigawanya jibu la pili kwa la kwanza inakuja 0.57. Kumbe 0.6 ilikuwa sahihi, sentensi ndiyo ilikuwa mbovu.

Binti_Makunduchi

Asanteni sana, kwa kundi moja nimeelewa. Ila modeli yangu ina umri, idadi ya watoto, umbali wa kituo. Kila mama anaanzia pake. Huyu ana asilimia 95 hata kama hakusoma, maana kituo kiko mlangoni, yule yuko kisiwani ana 30. Sasa nianzie kwa nani?

Kipimajoto

Hilo ndilo swali lenyewe, na amri ya `margins` ya Stata imetengenezwa kwa ajili yake. Jibu ni: anzia kwa kila mmoja, halafu chukua wastani.

Nikuonyeshe kwa data ambayo kila mwenye R anayo tayari, ya meli ya Titanic iliyozama Aprili 1912. Watu 2201, wanawake 470 na wanaume 1731, waliogawanywa daraja la kwanza, la pili, la tatu na mabaharia. Swali ni nani aliokoka.

```r
d <- as.data.frame(Titanic)
m <- glm(Survived ~ Sex + Class, family = binomial,
         weights = Freq, data = d)
exp(coef(m)["SexFemale"])

d0 <- d1 <- d
d0$Sex[] <- "Male"
d1$Sex[] <- "Female"
p0 <- predict(m, d0, type = "response")
p1 <- predict(m, d1, type = "response")
weighted.mean(p1 - p0, d$Freq)
```

Mstari wa `exp` unakupa uwiano wa odi wa mwanamke dhidi ya mwanaume, kama 11.2. Sasa angalia kinachofuata. Nachukua watu wote 2201, nawafanya wote wanaume, kila mtu na daraja lake, modeli inanipa uwezekano wa kila mmoja. Kisha nawafanya wote wanawake, naitisha tena. Natoa moja kwa moja, mtu kwa mtu, napiga wastani. Inatoka 0.51. Pointi 51 za asilimia. Hiyo ndiyo athari ya pembezoni ya wastani, haina uchawi zaidi ya huo.

Kwa daraja, modeli inasema daraja la kwanza unatoka 41 kwenda 89, pointi kama 48. La pili 21 kwenda 75, pointi 54. La tatu 12 kwenda 60, pointi 48. Uwiano wa odi ni mmoja, 11.2, kwa sababu modeli imelazimishwa uwe mmoja. Pointi ndizo zinazotembea.

Jirani_wa_R

Mzee nimeijaribu hapa, uwiano wa odi umetoka 1 kamili na tofauti sifuri. Modeli yako mbovu au R yangu?

Kipimajoto

Umeacha `weights = Freq`. Jedwali lile lina mistari 32, kila mstari ni kundi la watu siyo mtu, na kila kundi lina mstari wa waliookoka na wa waliokufa. Bila uzito, R inaona mistari 16 ya "Yes" na 16 ya "No", sawa kwa sawa kila upande, kwa hiyo hakuna tofauti ya kuona. Ukipata uwiano wa 1 kamili, usishangilie kwamba hakuna athari. Shuku data yako kwanza.

Jirani_wa_R

Kweli bwana. Imekuja 11.2. Naomba radhi kwa modeli yako.

Binti_Makunduchi

Mimi nimejaribu ya kwangu kwenye Stata, `margins, dydx(sekondari)`, imetoa 0.07. Nilitegemea kitu kama 0.12 kwa ile hesabu ya kalamu. Kwa nini iko chini hivi?

Kipimajoto

Tuwekee mstari wa `logit` ulioandika.

Binti_Makunduchi

```stata
logit kituoni sekondari umri watoto umbali
margins, dydx(sekondari)
```

Kipimajoto

Nilidhani hivyo. Hujaweka `i.` mbele ya sekondari. Stata inaichukulia sekondari kama namba inayopanda polepole, mfano wa umri au kilomita, kwa hiyo inapima mwinuko wa mstari uliopinda wa modeli pale kila mama alipo, badala ya kuruka kutoka 0 hadi 1. Athari ikiwa ndogo, viwili hivi vinakaribiana na huoni kosa. Ikiwa kubwa, vinaachana vibaya. Kwenye Titanic ileile, ukipima mwinuko unapata 0.40, ukiruka kutoka mwanaume hadi mwanamke unapata 0.51. Pointi kumi na moja zimepotea kwa herufi moja na nukta.

```stata
logit kituoni i.sekondari umri watoto umbali
margins, dydx(sekondari)
margins sekondari
```

Mstari wa mwisho unakupa viwango viwili vyenyewe, wote wakiwa hawajafika sekondari na wote wakiwa wamefika. Viweke kwenye tasnifu, msomaji aone unakotoka na unakokwenda. Na usitegemee 0.12 kamili. Hesabu ya kalamu ilimchukua kila mama kama anaanzia 80, wakati wa kwako wametawanyika. Waliokaribia 95 hawana pa kupanda, watakushushia wastani.

Binti_Makunduchi

Imetoka 0.10. Kiwango kutoka 0.80 hadi 0.90. Alhamdulillah.

Mchumi_wa_Thika

Wadau, mbona mnateseka hivi? Endesha rigresheni ya kawaida ya mstari kwenye hiyo sifuri na moja, na makosa sanifu imara. Mgawo wenyewe ndio pointi. Sisi wachumi tulihama huko kwenye lojistiki kitambo.

Kipimajoto

Kwa sekondari peke yake utapata kitu karibu sana na 0.10, sibishi. Ila ana kilomita za umbali humo ndani. Mstari ulionyooka ukifika kwa mama aliye jirani na kituo utakwambia asilimia 104.

Mchumi_wa_Thika

Na shida iko wapi kama sitaki kutabiri mama mmoja mmoja? Nataka wastani wa tofauti, na huo ninao.

Kipimajoto

Basi tutofautiane hapo. Mimi 104 ikitokea kwenye jedwali langu usingizi hauji.

Dokta_Mtarajiwa

Swali kwa Kipimajoto. Nimeona wengine wanatumia `margins, dydx(...) atmeans`. Tofauti yake nini?

Kipimajoto

Hiyo inamtengeneza mtu mmoja wa wastani, halafu inapima athari kwake tu. Kwenye Titanic mtu huyo amekaa asilimia 15 daraja la kwanza, 13 la pili, 32 la tatu na 40 ni baharia. Mtu huyo hajawahi kupanda meli yoyote. Zamani ilikuwa na faida kwa sababu kompyuta zilikuwa nzito. Siku hizi mimi sioni sababu, ingawa kuna wasimamizi wanaoing'ang'ania, na kwa dada anayekwenda kwa msimamizi Jumatatu sishauri kugombana.

Sista_Mstaafu

Kipimajoto, nina neno juu ya Titanic yako. Umesema uwiano umelazimishwa uwe mmoja. Je, ulikuwa mmoja kweli? Mimi nakumbuka wanawake wa daraja la kwanza karibu wote walipona.

Kipimajoto

Shikamoo Sista, umenikamata. Haukuwa mmoja. Nilichagua modeli nyepesi ili tuone pointi zinavyotembea. Hesabu halisi ndizo hizi. Daraja la kwanza wanawake 141 walipona na 4 walikufa, wanaume 62 kwa 118. Daraja la pili wanawake 93 kwa 13, wanaume 25 kwa 154. La tatu wanawake 90 kwa 106, wanaume 88 kwa 422.

Uwiano wa odi daraja la kwanza ni 67, la pili 44, la tatu 4 tu. Modeli yangu ilisema 11 kwa wote. Ukiweka `Sex * Class` badala ya `Sex + Class`, R inaliona hilo, na wastani unapanda kutoka pointi 51 hadi 54.

Lakini tazama jambo hili, ndilo linaloninyima raha kila nikilifundisha. Kwa uwiano wa odi, jinsia ilikuwa na nguvu zaidi daraja la kwanza kuliko la pili, 67 kwa 44. Kwa pointi ni kinyume. Daraja la kwanza unatoka 34 hadi 97, pointi 63. La pili unatoka 14 hadi 88, pointi 74. Watu walewale, hesabu zilezile, kipimo kimoja kinasema daraja la kwanza, kingine kinasema la pili. Wanawake 4 tu kufa kati ya 145 kunairusha odi juu sana, kwa sababu unagawa kwa namba ndogo. Uwezekano wenyewe umeshagonga dari.

Kwa hiyo dada, ukiandika "elimu ina athari kubwa zaidi vijijini kuliko mjini", sema kwa kipimo gani. Nyota ya umuhimu kwenye mstari wa mwingiliano wa `logit` inajibu kuhusu odi. Kuhusu pointi lazima upige `margins` kwa kila kundi uangalie.

Binti_Makunduchi

Uwii. Sura ya tano yote nimeandika hivyo, mjini na vijijini. Naenda kuifungua upya.

Mkeka_Wa_Leo

Kwa hiyo kwenye mkeka, odi ya 1.10 ikishuka hadi 1.05 siyo kitu kidogo?

Kipimajoto

😀 Ukisahau faida ya kampuni, 1.10 ni asilimia 91 na 1.05 ni 95. Kwa nafasi ni pointi nne. Kwa odi ya kitakwimu ni kutoka 10 kwa 1 hadi 20 kwa 1, imeongezeka maradufu. Umeshaelewa kuliko nusu ya darasa langu.

Jirani_wa_R

Nimeona kitu sikielewi. Bila daraja kabisa, jinsia peke yake, uwiano wa odi ni 10.1 na tofauti ni pointi 52. Nikiongeza daraja, uwiano unapanda 11.2 lakini pointi zinashuka 51. Inakuwaje kimoja kipande kingine kishuke kwa kuongeza kitu kilekile?

Kipimajoto

Sehemu ni tabia ya odi yenyewe. Ukiongeza kitu kinachotabiri tokeo, uwiano wa odi huwa unasogea mbali na 1 hata kama kitu hicho hakihusiani kabisa na jinsia. Wastani wa pointi hauna tabia hiyo. Ndiyo maana sipendi watu wanaolinganisha uwiano wa modeli ya 1 na ya 2 halafu wanasema "athari imeongezeka baada ya kudhibiti umri". Lakini kwenye meli hii jinsia na daraja *vinahusiana*: mabaharia 885, wanawake 23 tu. Kwa hiyo mambo mawili yamechanganyika, na kwa hesabu hizi mbili peke yake siwezi kukutenganishia lipi limechangia kiasi gani.

Mchumi_wa_Thika

Kwa mstari ulionyooka usingekuwa na shida hiyo ya kwanza.

Kipimajoto

Najua. Hilo nakuachia, na silali nalo vizuri.

Binti_Makunduchi

Nimeandika upya sentensi, niangalizieni: "Modeli inakadiria kwamba iwapo akina mama wote wangekuwa hawajafika sekondari, asilimia 80 wangejifungulia kituoni; iwapo wote wangekuwa wamefika, asilimia 90. Tofauti ni pointi 10 za asilimia (uwiano wa odi 3.0)." Ni ndefu, lakini 240 haimo.

Sista_Mstaafu

Weka na vipimo vya kutokuwa na hakika pembeni ya ile 10, mwanangu. Stata imekupa, iko safu mbili za mwisho kulia.

Fundi_Kubaindi

Ikikamilika ofa ya kubaindi iko palepale.